Yowe Ndani ya Kijitabu cha Ulinzi

Nilifika Mtwara siku ya nne. Basi lilitoka Dar es Salaam Jumatatu alfajiri, na kondakta alituapia kwamba Jumanne jioni tungekuwa tunakula samaki Mtwara. Mvua hakuihesabu. Pale Rufiji tulisubiri kivuko kutwa nzima, tukiziangalia nguzo za daraja jipya lililokuwa halijakamilika, na tulipovuka tukakuta barabara imekuwa uji mweusi. Malori yalikuwa yamelala ubavu huku na huku. Wanaume tulisukuma, wanawake walitangulia kwa miguu, viatu mikononi. Dereva alituonya tusiende mbali kujisaidia, kwa sababu mwezi ule simba alikuwa amemchukua mtu karibu na hapo. Habari ya simba sikuiamini sana, lakini sikushuka tena mpaka tulipofika kwenye nyumba za watu.

Nilikuwa na miaka thelathini na kidogo. Begini nilikuwa na cheti cha kidato cha nne, blanketi, na kamusi ya Kiswahili iliyong'oka jalada. Nilikuwa nimeshaishi Tabora, Tanga, Mwanza na Mbeya, na kote niliondoka kabla watu hawajaacha kuniita mgeni. Mtwara nilikaa miaka mitatu. Sasa nimeshapita arobaini, nimekaa miji mingine tangu hapo, na bado Mtwara ndiyo inayonirudia: harufu ya korosho mbichi kwenye magunia, ming'oko ya moto, vile viazi vya porini, asubuhi kandokando ya barabara, lafudhi ya watu wanaosema Ntwara. Lakini kila ninapoukumbuka mji ule, naanza na jambo moja. Ni pale ambapo mtu alikaribia kufa kwa neno nililolichagua mimi, kwa makini, nikijisifu moyoni.

Kazi niliyoipata ilikuwa ya ulinzi, katika yadi ya mtu binafsi jirani na bandari. Korosho zilishuka kutoka Nanyamba na vijiji vingine kwa malori, wapakiaji wakazipanga ndani ya makontena, milango ikafungwa na kupigwa sili, kisha zikangoja meli. Sisi walinzi tulizunguka, tukakagua sili moja moja, tukahakikisha hakuna mzamiaji aliyejificha ndani akitafuta safari ya bure ya Ulaya.

Hofu ilianza siku ya kwanza. Korosho hufukizwa kabla hazijasafiri, ili wadudu wafe. Fundi wa kufukiza alinipeleka kwenye safu ya makontena ya nyuma, yenye picha ya fuvu mlangoni, akanionyesha kidonge cha kijivu kikiwa bado ndani ya chupa yake iliyofungwa.

"Hiki kikipata unyevu wa hewa kinatoa gesi," alisema. "Inanuka kama kitunguu saumu, au samaki aliyeoza. Wengine hawasikii harufu yoyote. Mlango ukishafungwa, usiguse mpaka mimi mwenyewe nije nifungue na kupima hewa."

"Na mtu akiingia?"

"Wa kwanza kufa ni aliyeingia." Akakifunika kile kichupa kwa kitambaa, taratibu, kama mtu anayemfunika mtoto. "Wa pili ni ndugu yake aliyemfuata kumtoa."

Tangu siku ile kila nilipopita safu ya nyuma nilibana pumzi. Mzee mmoja wa Kimakonde, mlinzi mwenzangu, aliyekuwa mgambo tangu ujana wake, alinicheka. "Utaanguka kwa kukosa hewa kabla gesi haijakuona," alisema. Lakini na yeye alipita upande unakotoka upepo.

Chumba nilipangishwa mtaa wa Chikongola na kiongozi wa genge la wapakiaji wa yadi ileile. Alikuwa mtu mpana, mcheshi, mwenye sauti ya kuongoza watu arobaini bila kipaza sauti. Alinizidi miaka kama mitano, nami nikamwita Kaka, na mkewe Shemeji. Yeye aliniita Mwalimu, kwa kejeli, kwa sababu sikuweza kunyamaza mtu akichanganya Kiingereza na Kiswahili mbele yangu. Tabia hiyo nilitoka nayo shule. Nilikuwa sina nyumba wala shamba, na mke sikuwa naye. Lugha nzuri ndiyo mali niliyohama nayo.

Mwaka wa pili meneja aliniita ofisini. Alikuwa mtu wa bara, mwenye haraka. Mezani pake palikuwa na kitabu cha Kiingereza cha kurasa kama thelathini.

"Bandari zote duniani zimewekewa masharti mapya ya ulinzi," alisema. "Wakaguzi watakuja. Wakimuuliza mpakiaji hata mmoja, afanye nini akikuta sili imekatwa, naye akatoa macho, meli hazitachukua mzigo wetu. Wewe kila siku unatusahihisha Kiswahili. Basi hiki hapa. Wiki mbili."

Nilitoka pale nimevimba kichwa. Nilikaa kwenye kibanda cha getini, nikaanza na maneno kabla ya sentensi, nikiyaandika upande mmoja wa daftari. Getini alikaa dada mmoja, mzaliwa wa Chikongola, aliyeandika magari yanayoingia na kutoka, na ulimi wake ulikuwa mkali kuliko lango la chuma alilolilinda. Nilimsomea kila neno.

"Kasha," nikasema.

"Kasha la nini?"

"Kontena. Kasha ndilo Kiswahili chake."

"Kasha ni la nguo za bibi yangu, lina karafuu ndani. Ukiniambia nikague kasha nitakwenda kwa bibi." Akamwita dereva aliyekuwa anasubiri kibali. "Eti baba, umebeba kasha?"

"Nimebeba kontena," dereva akajibu. "Kasha nitamnunulia bi harusi."

Nikaandika kontena. Kwa sili nilitaka lakiri, naye akaniambia lakiri ni ya posta na mahakama, mpakiaji wa Nanyamba hajawahi kuiona. Nikaandika sili. Mzamiaji halikuwa na ubishi, hata watoto wa Mtwara walilijua. Penye Kiingereza cha kumwita mkuu wa ulinzi wa yadi nilikuwa nimeandika "ofisa wa usalama", na kabla ya jioni wapakiaji walikuwa wameanza kunong'ona kwamba kuna mtu wa Usalama wa Taifa kapandikizwa kati yao. Nikakata, nikaandika "ofisa wa ulinzi", na Kaka akalazimika kuwatuliza watu wake kwa nusu saa.

Hivyo ndivyo nilivyokuwa nikijifunza, neno kwa neno, kwamba mtu hulipokea neno pamoja na yote anayoyajua kulihusu. Lakini nilidhani somo hilo nimelimaliza.

Sehemu ya hatari ilikuwa ukurasa mmoja tu. Ilisema kwamba mtu akikuta kontena limefunguliwa au sili imekatwa, asiingie, akae mbali upande unakotoka upepo, atoe taarifa ya hatari kwa sauti, na watu wote waondoke kwenda getini wakahesabiwe. Neno la Kiingereza la ile taarifa meneja alilitamka "alamu".

"Acha hilohilo," alisema. "Alamu. Wamezoea alamu za saa."

"Saa wanazo wangapi?" nikamjibu.

Nikafikiria king'ora. Dada wa getini akasema king'ora wanakijua, kinapigwa na gari la zimamoto na msafara wa wakubwa, na kikipita kila mtu hutoka nje kutazama. Nikalifuta. Kisha neno likanijia lenyewe, zuri, jepesi, la watu wote: yowe. Piga yowe. Hakuna mtoto wala bibi asiyelijua. Nilipomsomea Kaka jioni, tukiwa uani, alipiga goti lake kwa kiganja.

"Hapo sasa, Mwalimu! Hapo umeongea na watu."

Nilifanya jambo ambalo bado naamini lilikuwa sahihi, ila nililifanya nusu. Nilimwita mtu mmoja mmoja, nikamsomea mstari, nikamwambia anirudishie kwa maneno yake. Mzee wa Kimakonde alinirudishia bila kosa: asiingie, akae upande wa upepo, apige yowe. Wapakiaji kumi walisema vilevile. Niliwauliza wote neno lina maana gani. Sikumuuliza hata mmoja: ukilisikia, miguu yako itakwenda wapi?

Kijitabu kilidurufiwa, kikabanwa pini, kikafundishwa asubuhi tatu chini ya paa la ghala. Mimi ndiye niliyesimama mbele. Watu walicheka penye kuchekesha, wakajibu kwa pamoja. Meneja alinipa mkono mbele ya wote.

Ilikuwa kama saa nne asubuhi, wiki chache baadaye. Nilikuwa getini na yule dada. Jua lilikuwa kali na upepo ulitoka baharini. Kutoka safu ya nyuma nikasikia sauti ya mzee, ndefu, ikipanda: "Uuuwi! Jamaniii! Uuuwi!"

Sikushtuka mara moja. Nakumbuka, na naona aibu kukumbuka, kwamba kwa nukta moja nilifurahi: ametii kijitabu. Halafu nikaona watu.

Walitoka kwenye malori, kwenye ghala, kwenye kivuli cha ukuta. Waliacha magunia yaliyokuwa mabegani yakaanguka na kupasuka. Walikuwa na kulabu za kunyanyulia magunia mikononi, wengine mawe, na wote, wote arobaini, walikuwa wakikimbia kuelekea kule nyuma. Mbele yao alikuwa Kaka.

Nilielewa wakati huohuo. Yowe likipigwa, watu huja. Hivyo ndivyo ilivyo kila mahali nilipopata kuishi, na huko kusini pia. Anayesikia yowe akabaki kwake, kesho ataulizwa alikuwa wapi, na huenda yeye ndiye mwizi. Wale watu walikuwa wamefundishwa kuja tangu wakiwa mgongoni mwa mama zao, na mimi nilikuwa nimechukua amri hiyo kubwa, nikaiweka mdomoni mwa mlinzi anayesimama mbele ya kontena lenye sumu.

Nilikimbia nikipiga kelele: "Msiingie! Rudini! Rudini!" Kelele zangu nazo zikawa yowe. Nyuma yangu nilisikia watu wa barabarani wanamiminika getini, wachuuzi, waendesha baiskeli, na dada yule akiwazuia kwa kifua chake. "Ondokeni! Nyie mbwa, ondokeni, mtakufa!" Matusi yake ndiyo yaliyowasimamisha.

Kule nyuma, mlango wa kontena moja ulikuwa wazi kiasi cha mtu kupita, na sili iliyokatwa ilikuwa chini. Mzee alikuwa amesimama hatua ishirini, upande wa upepo, hasa kama nilivyoandika. Alipoona wenzake wanampita, akaacha kupiga yowe, akawawahi mlangoni na rungu lake, akaanza kuwapiga. Aliwapiga watu aliokula nao jana, mabegani, vichwani, akilia. Aliwazuia karibu wote. Wawili walikuwa wameshaingia.

Mmoja alitoka mara moja, akaanguka kwa magoti. Kaka hakutoka.

Sijui alikaa ndani muda gani. Nikiwaambia watu dakika tatu nahisi nadanganya, nikiwaambia moja nadanganya pia. Nilisimama mbele ya ule mlango mweusi na nilitaka kuingia na miguu ilikataa. Nilisikia ile harufu ya kitunguu saumu, hafifu, kama mtu anapika mbali. Kisha Kaka akatokea, kwa miguu yake mwenyewe, jasho linamtiririka, ameshika kandambili moja mkononi.

"Hamna ntu," alisema, akacheka. "Kakimbia huyu aliyekata sili. Kaacha kiatu."

Watu walishangilia. Nikadhani tumepona.

Baada ya saa moja Kaka alianza kutapika. Ilipofika adhuhuri alisema kuna mtu kamkalia kifuani. Tulimpakia kwenye pikapu ya meneja pamoja na yule mwenzake aliyeingia, na njiani Kaka alikuwa akinishika mkono, si kwa nguvu, ila hakuuachia.

Hospitalini daktari alituambia kwamba sumu ile haina dawa ya kuiondoa. Wangemsaidia apumue, na wangengoja, kwa kuwa mapafu huweza kujaa maji hata siku ya pili. Tulingoja siku tatu. Shemeji alikaa kwenye mkeka nje ya wodi. Kila daktari alipopita nilisimama, na kila aliponiangalia nilidhani anakuja kuniambia. Yule mwingine, aliyetoka mapema, aliruhusiwa kesho yake. Kaka alipumua kwa sauti ya msumeno unaokata mbao mbichi, nami nilikuwa nikihesabu kila pumzi, nikiogopa kwamba nikiacha kuhesabu na yeye ataacha.

Siku ya nne alifungua macho akanitambua.

"Kwa nini uliingia, Kaka?" nilimuuliza. "Kijitabu kinasema usiingie."

"Asiingie aliyekuta." Alipumzika kati ya neno na neno. "Mimi nilisikia yowe, Mwalimu. Nikaja."

Hakusema kwa lawama. Laiti angelaumu.

Meneja aliniita siku hiyohiyo. Aliogopa wakaguzi, na alitaka niandike kwamba kijitabu kilikuwa sawa na wapakiaji ndio waliokaidi. "Si imeandikwa? Usiingie. Watu wote waende getini. Kiswahili chako mwenyewe."

Nilijua nikiandika hivyo Kaka atafukuzwa akiwa kitandani. "Hawakukaidi," nilisema. "Walitii neno moja kuliko mengine yote, na neno hilo niliwapa mimi. Ukiandika kosa, andika langu."

"Basi litafute lingine," alisema. "Na safari hii usinipe la kupendeza."

Kaka alipotoka hospitali alikwenda kupumzika kwa mama yake mzazi, kijiji kilicho karibu na mdomo wa mto Ruvuma, kupita Madimba. Nilimfuata huko Jumamosi, nimepakiwa kwenye lori la chumvi, daftari kwapani. Nilimkuta amekaa barazani, amekonda, anamenya muhogo polepole. Mama yake, naye akimenya kando yake, alikuwa mfupi, mkavu, Kiswahili chake kimechanganyika na Kimakonde. Hakunionea haya.

"Wewe ndiye uliyempigia mwanangu yowe?"

"Shikamoo, mama. Ndiye mimi."

"Marahaba. Kaa ule."

Nilipokula, nilimweleza yote. Kisha nikamuuliza lile swali ambalo sikumuuliza mtu yeyote mara ya kwanza. "Yowe likipigwa hapa kijijini, wewe unafanya nini?"

"Nakwenda."

"Na asiyekwenda?"

"Huyo ndiye mwizi. Au mchawi."

"Na kama kitu chenyewe kinaua wanaokwenda?"

"Basi tutakufa wengi," alisema, akaendelea kumenya. Kaka akacheka mpaka akakohoa. Mama yake akamwangalia, kisu kimesimama mkononi.

"Ila ndege," alisema. "Ndege hatukuzipigia yowe."

Alizungumzia miaka ya vita vya ng'ambo ya mto, alipokuwa mama kijana. Ndege zilivuka Ruvuma kudondosha mabomu. Kulikuwa na mgambo mmoja aliyekaa na debe, na akiligonga haraka haraka, kila mtu alikwenda kwenye shimo lake. "Si kukusanyika. Kutawanyika. Kila ntu shimo lake, alishalichimba. Humwiti mwenzio, hugeuki. Mtoto anajua lake." Akanionyesha kwa kisu, ng'ambo ya mkorosho, mahali ambapo ardhi ilibonyea kidogo. "Mimi langu lile. Mwanzo tulikuwa tunakimbilia debe, kama yowe. Wakafa watu. Tukafundishwa. Kila siku tunagongewa debe, hata ndege haipo, mpaka miguu ikazoea."

Mimi na Kaka tuliangaliana. Debe lenyewe halikufaa, maana mjini debe huita watu mkutanoni. Filimbi ya mgambo huita watu wajipange. Kipande cha reli kinachogongwa kama kengele huita watoto shule. Jioni nzima tulipitia sauti zote anazozijua mtu wa Mtwara, na kila moja ilikuwa inaita. Wenyeji hawakuwa wamebakiza sauti ya kufukuza.

"Kumbe tunataka neno lisilo na jamaa," Kaka alisema. "Likifika hapa halina mjomba wala shangazi. Sisi ndio tulifundishe."

Tulirudi palepale kwenye neno la meneja. Alamu. Neno la kukopa, lisilo na ladha mdomoni mwangu, ambalo mpakiaji mzee wa Nanyamba alikuwa hajawahi kulitumia kwa jambo lolote. Kwa kuwa lilikuwa tupu, tungeweza kulijaza. Niliandika: "Alamu si yowe. Ukisikia alamu, hakuna anayekuita. Acha kilichoko mkononi. Nenda getini kwa upande wa upepo. Simama uhesabiwe." Na chini yake: "Safu ya nyuma hakuna kupiga yowe, hata kama umeona mtu." Mstari huo wa mwisho uliniwia vigumu kuuandika. Kaka ndiye aliyesema uandikwe.

Meneja alileta king'ora kidogo cha kuzungusha kwa mkono, chenye mlio wa kukwaruza ambao haukufanana na ule wa gari la zimamoto, nasi tukakiita alamu na si vingine. Safari hii sikufundisha kwa kusoma. Tulikizungusha kila siku saa tofauti, bila kuwaambia. Siku ya kwanza nusu ya watu walikikimbilia. Mzee wa Kimakonde alisimama katikati ya njia na rungu lake, naye mmoja wao akamwambia, "Mzee, leo utatuua wewe badala ya gesi." Siku ya pili walisimama, hawajui waende wapi. Wiki ya tatu alamu ililia mimi nikiwa ghalani, na niliona magunia yanawekwa chini, migongo inageuka, watu wanaondoka bila kelele. Kaka, ambaye hakuweza tena kubeba gunia, alikuwa amekaa getini pamoja na yule dada, akiwahesabu.

Wakaguzi walikuja. Mmoja wao, mtu mwenye Kiswahili safi, alifungua kijitabu changu akauliza kwa nini nimetumia neno la kigeni wakati Kiswahili kina king'ora. Dada wa getini alinitazama akingoja nipasuke. Nilimjibu tu mkaguzi kwamba ndilo walilolizoea. Aliandika kitu kwenye karatasi yake.

Nilidhani nitakaa Mtwara. Nilikuwa nimeanza kuuliza bei za viwanja.

Alasiri moja, sisi tumetoka kazini, yowe lilipigwa Chikongola. Jiko la makuti la jirani wa nyumba ya tatu lilikuwa limeshika moto. Moshi ulipanda, mitaa ikajaa miguu. Shemeji alikwenda na ndoo. Kaka alinyanyuka na mapafu yake yaliyoungua, akachukua sufuria, akaenda akitembea na kukimbia. Mimi nilikuwa uani, na ndoo iliyojaa maji ilikuwa miguuni pangu. Niliinama nikaishika mpini.

Sikwenda. Nilisikia yowe, na mwili wangu ukaona mlango mweusi, na nikabaki pale nimeinama, nimeshika ndoo, mpaka kelele zikaisha.

Hakuna aliyeumia. Watu walirudi wamejaa masizi, wanacheka kwa ahueni. Mwenye jiko, mama mmoja mtu mzima, alisimama kwenye ua wetu akaniona, na akaiona ndoo yangu imejaa.

"Mpangaji wenu huyu," alimwambia Shemeji, "miguu yake imeingia kutu?"

Kaka aliingia baadaye, akaketi, akakohoa muda mrefu.

"Hukusikia?" aliniuliza.

"Nilisikia."

Alitikisa kichwa, akanawa mikono. Hakurudi tena kwenye jambo hilo, wala Shemeji, na chakula alichonitengea jioni ile kilikuwa kingi kama siku zote. Lakini mtaani salamu zilifupika. Mwenye duka alianza kunihudumia haraka. Mtu asiyekuja hawezi kuachwa hivihivi, wala sikuwalaumu. Kilichonitia hofu zaidi ya macho yao ni siku nyingine ambayo ingekuja, ambapo yowe lingekuwa la Kaka, na mimi nimeinama nimeshika ndoo.

Nilimwambia meneja mwisho wa mwezi. Nilimwachia Kaka daftari langu la maneno, na kamusi nikampa dada wa getini, akasema atafukuzia mbu.

Siku ya kuondoka Kaka alinisindikiza stendi. Palikuwa karibu, lakini tulipumzika mara mbili njiani, mara moja kwenye gogo na mara moja kwenye ngazi za duka lililofungwa.

"Unakimbia maneno ya yule mama mwenye jiko?"

"Hapana, Kaka. Naogopa."

"Wote tunaogopa. Mimi nikisikia kile kitu chako kinakwaruza getini, mkojo unanijia." Alinipiga bega. "Sasa nenda. Tafuta mji usio na watu, huko hawapigi yowe."

Nilicheka kwa sababu alitaka nicheke. Hakungoja basi liondoke. Zamu yake ya kuhesabu watu ilikuwa inaanza saa mbili, na alitaka kufika bila kuharakisha. Nilimtazama dirishani. Alivuka barabara polepole, akasimama katikati kuvuta pumzi, mkono kiunoni, na lori la magunia likapunguza mwendo, likamsubiri mpaka alipomaliza.